Kimya katika shairi la mafungo

Kimya kinaandikwa namna gani? Katika Zaburi neno Sela linarudi mara 71, na wengi wanalifahamu kama mahali pa kutua. Kwa mafungo yetu ya Mbau niliandika hivi:

Nje majani yanachezacheza.
Bwana, ni upepo?

(pumzi kumi)

Nasikiliza, useme nami.

Mama mmoja akalia. Tangu mauaji yaliyoanza 2014 katika eneo la Beni, kimya cha usiku kwetu ni kutega sikio kwa hatua za wauaji. Je, nilikuwa na haki kumrudisha pale? Ulizo lililowekwa mbele ya kimya linaachia woga ujibu. Nikaliondoa, nikaandika:

Bwana, uko hapa pamoja nasi.

(pumzi tatu)

Msomaji anazihesabu mwenyewe, na taa inabaki ikiwaka.