Kila Mmoja kwa Uwezo Wake

Njaa ilipotabiriwa, wanafunzi wa Antiokia waliamua kuwasaidia ndugu zao wa Uyahudi. Matendo 11:29 haionyeshi kwamba walipangiana kiwango kimoja. Kila mmoja alitoa kulingana na uwezo wake. Nyumbani kwetu je? Wanandoa wengi ambao wote wawili wana kazi hugawana matumizi nusu kwa nusu, wakaona wametenda haki.

Tuchukue mfano wa mume anayepokea shilingi 800,000 kwa mwezi na mke anayepokea 400,000. Kodi ya nyumba ni 200,000, chakula 320,000, umeme na maji 60,000, na 140,000 wanaweka kwa ajili ya ada ya mtoto. Jumla ni 720,000. Wakigawana nusu kwa nusu, kila mmoja anatoa 360,000. Mume anabaki na 440,000. Mke anabaki na 40,000, na humo atoe nauli ya daladala ya mwezi mzima, sabuni yake, na dawa za mama yake kijijini. Kabla ya tarehe kumi na tano ameshakopa, mara nyingi kwa mumewe huyohuyo.

Sasa wajumlishe mapato yao: 1,200,000. Matumizi ya 720,000 ni asilimia 60 ya fedha hiyo, kwa hiyo kila mmoja atoe asilimia 60 ya kipato chake. Mume atatoa 480,000, mke 240,000. Mume atabaki na 320,000, mke 160,000. Bado hawajalingana, lakini mzigo umewalemea kwa kiasi kilekile.

Hesabu hii huharibika mahali pawili. Kwanza, watu hutumia mshahara ulioandikwa kwenye mkataba. Tumieni kinachofika mkononi baada ya kodi ya serikali na mchango wa hifadhi ya jamii. Mwenye genge au bodaboda achukue wastani wa miezi mitatu hivi, baada ya kutoa mtaji au mafuta. Na kipato kikibadilika, pigeni hesabu upya, msisubiri ugomvi.

Pili, na hapa ndipo ninapokaa na wanandoa muda mrefu zaidi, anayetoa zaidi hujiona ndiye mwenye nyumba. Atachagua shule peke yake, atauza kiwanja bila kuuliza. Katika mfano wetu mke ametoa asilimia ileile ya jasho lake, tena huenda ndiye anayeamka saa kumi na moja kuwasha jiko, kazi ambayo haimo kwenye jumla yetu. Aliyepoteza kazi atatoa sifuri mwezi huo, na sauti yake ibaki nzima.

Wiki hii zimeni televisheni jioni moja, kila mmoja aweke mezani kipato chake halisi, bila kuficha posho. Anayepokea zaidi ndiye aanze kutaja.