Jozi ya Kijani Usiitenganishe

Mwanangu, kebo uliyoniletea nimeipima, na taa zote nane za testa zimewaka kwa zamu kama ulivyosema. Usiipeleke kwa mteja bado. Testa hii ya bei nafuu inajua jambo moja tu: kwamba waya uliotoka pini fulani umefika pini ileile upande wa pili. Haijui waya huo umesokotwa na upi, na humo kwenye msokoto ndimo ilimo kazi nzima ya kebo ya mtandao.

Ndani ya ganda mna jozi nne: ya chungwa, ya kijani, ya buluu na ya kahawia. Kila waya wa rangi una mwenzake mweupe wenye mstari wa rangi hiyo. Ishara hupita katika nyaya mbili za jozi moja kwa kinyume, mmoja ukipanda mwingine unashuka. Kelele za umeme zikiingia huzipiga zote mbili karibu sawasawa, kwa kuwa zimesokotana. Kifaa kinachopokea husoma tofauti iliyopo kati ya nyaya hizo, kwa hiyo kelele iliyoingia kote hujifuta yenyewe.

Sasa tazama plagi yako. Umepanga mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, kijani, mweupe-buluu, buluu, mweupe-kahawia, kahawia. Inapendeza macho, na umeifanya vivyo hivyo kila upande, ndiyo maana testa imekupitisha. Lakini kompyuta na swichi hutumia pini 1 na 2 kama jozi moja, na pini 3 na 6 kama jozi nyingine. Kwako pini 3 ina mweupe-kijani na pini 6 ina buluu, nyaya zisizojuana. Kebo kama hiyo ikiwa ya mita moja huenda ikafanya kazi bila kulalamika. Ivute mita 40 darini na mteja atakupigia simu: mtandao upo, lakini faili kubwa halimaliziki. Kwenye kompyuta ya Linux andika hivi, ukiweka jina la kadi yako mahali pa `eth0`:

```
ip -s link show eth0
```

Ukiona hesabu ya `errors` upande wa `RX` ikizidi kupanda wakati faili linasafiri, kabla ya kulaumu swichi fungua macho uangalie rangi kwenye plagi.

Mpangilio sahihi ni huu. Geuza kilimi cha plagi kisikutazame, pini za dhahabu ziwe juu mbele yako na kebo iingie kutoka chini. Pini 1 iko kushoto. Kwa T568B, toka kushoto: mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, buluu, mweupe-buluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Jozi ya kijani inairuka ya buluu, ikatua 3 na 6. T568A ni hiyohiyo, ila jozi ya chungwa na ya kijani zimebadilishana nafasi. Kebo ya moja kwa moja ni mpangilio mmoja ncha zote mbili. Mimi hutumia B, lakini ukikuta jengo limefungwa A, fuata A.

Ya krosova ina A upande mmoja na B upande wa pili, ili pini za kutuma za huku zikutane na za kupokea za kule. Ilihitajika kuunganisha kompyuta mbili au swichi mbili za zamani. Vifaa vya gigabiti hujirekebisha vyenyewe, kwa hiyo siku hizi naifunga kwa nadra, nami huitia alama ncha zote mbili. Krosova isiyo na alama inamsumbua fundi atakayekuja baadaye.

Katika kubana, usifumue msokoto zaidi ya milimita 13. Najua vidole vinataka nafasi: fumua ndefu ukinyoosha, kisha kata nyaya zote sawa kabla ya kuingiza. Kabla hujaminya koleo, tazama plagi kwa mbele uone ncha nane za shaba zimegota mwisho, na ganda limeingia hadi chini ya kile kibano cha nyuma. Ganda likibaki nje, kila anayevuta kebo anavuta nyaya zenyewe. Waya mmoja wa buluu au wa kahawia usipogusa, kebo haifi. Mara nyingi gigabiti hushuka kuwa 100, na `ethtool eth0` itakuonyesha `Speed: 100Mb/s`.

Plagi iliyokwisha kubanwa haifunguliki. Kata hizo mbili, uanze upya. Mita 40 zako zina ziada ya kutosha.