Nia na Kitendo Havina Budi Kukutana

Watu wengi wa miji yetu hudhani kwamba korti, ikisha kujua kuwa fulani amekufa na fulani ndiye aliyemfisha, haina tena la kutafuta. Wakiwasikia mawakili wakibishana juu ya nia, husema hao wauza maneno tu ili mkosa aponyoke. Swali hili limeletwa mbele ya darsa yetu, nasi tumeona yafaa kulijibu kwa urefu kidogo, kwani ndani yake mna roho mbili: ya aliyeuawa na ya atakayehukumiwa.

Sheria ya jinai ya Kiingereza, ambayo ndiyo asili ya Sheria ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, hutaka mambo mawili kabla ya kumwita mtu muuaji. La kwanza ni kitendo chenyewe kilicholeta mauti. La pili ni kusudio baya la moyo, nalo katika fungu la 206 ni kama vile kutaka kuua au kutaka kumtia mtu madhara makubwa. Akiua bila ya kusudio hilo, kwa kitendo kisicho halali, huwa na kosa jingine lililo chini yake katika fungu la 202. Hayo wengi wayajua. Lisilojulikana sana ni kwamba mambo mawili hayo hayatoshi kupatikana tu. Hapana budi yakutane kwa wakati mmoja.

Tufanye mfano. Mtu ana uadui na jirani yake, na Jumatatu aazimia moyoni kumuua. Alkhamisi arudisha gari lake nyuma kutoka uani, polepole na kwa hadhari kama ada yake, na jirani yule, asiyeonekana, ateleza akaangukia magurudumuni akafa. Yule mtu ashuka, aona ni nani, na moyo wake wafurahi. Je, ameua kwa kusudi? Kusudio alikuwa nalo Jumatatu, mauti yamekuja Alkhamisi, na furaha imefuata baada ya mauti. Lakini si kusudio lile lililougeuza usukani. Furaha yake ni mbovu, na hesabu yake iko kwa Mola wake; ama korti haina la kumshika nalo, kwani ikimwadhibu itakuwa imeadhibu chuki peke yake. Na ni nani katika sisi ambaye hajapata kumchukia mtu kisha mtu yule akafikwa na msiba?

Jambo hili si geni kwetu tuliosoma fiqhi ya Imamu Shafii. Wanazuoni wetu wameieleza nia kuwa ni kukusudia kitu pamoja na kukitenda. Ama kukusudia mbele ya kitendo, hiyo ni azma. Aliyeazimia Adhuhuri nyumbani kwake, kisha akapiga takbira mskitini na moyo wake uko dukani, swala yake haikufungika. (Saumu ya faradhi ina hukumu yake, kwani ni taabu mtu kuivizia alfajiri, basi nia yake huwekwa usiku.) Lakini aliyenuia sawasawa wakati wa takbira, kisha katika rakaa ya tatu akasahau, swala yake yasihi, maadamu hakuikata nia. Kwani swala nzima ni ibada moja, na nia ya mwanzo wake yaifunika mpaka salamu. Msomaji na aliweke hili akilini, kwani laja kutufaa.

Mwaka 1954 kesi ya Thabo Meli na wenzake watatu ilifika London, mbele ya Privi Kaunsili, baraza ambalo zama hizo rufaa za Kenya nazo zilikuwa zikiishia huko. Ilitoka Basutoland, nchi ambayo tangu 1966 yaitwa Lesotho. Watu hawa wanne walipanga kumuua mtu na kuficha jambo lao lionekane ajali. Wakampeleka kibandani, wakampa pombe, kisha akapigwa kichwani. Wakadhani amekwisha kufa. Wakamchukua mpaka kwenye genge, wakamporomosha chini, ili atakayemkuta aseme alianguka mwenyewe. Madaktari walipomtazama maiti waliona kwamba mapigo ya kibandani hayakutosha kumuua. Alikuwa hai alipotupwa, na kilichomuua ni baridi na kulala nje bila ya sitara pale chini ya genge.

Wakili wao akashika sharti lile lile tulilolieleza. Akasema: kibandani palikuwa na kusudio la kuua, lakini kitendo cha pale hakikuua. Gengeni palikuwa na kitendo kilicholeta mauti, lakini hapakuwa na kusudio, kwani hapana aikusudiaye roho ya aliyemwitakidi kuwa maiti. Basi mambo mawili hayakukutana, na kuua kwa kusudi hakukuthibiti.

Hoja hii si ya kipumbavu, na anayeicheka hajaifahamu. Hata hivyo baraza liliikataa, na rufaa ikaanguka. Lilisema kwamba vitendo hivi haviwezi kukatwa vipande namna hiyo. Pigo, kubeba na kutupa vyote vilikuwa vimo katika shauri moja walilolipanga tangu mwanzo, nalo ni jambo moja lililotendwa kwa mfululizo. Kukosea kwao juu ya saa ya mauti hakuwatoi hatiani. Twaona hapo hukumu iliyo karibu mno na ile ya swala: kusudio lilikuwepo mwanzoni, halikukatwa, likafunika kilichobakia.

Lakini mtu asije akadhani kwamba mlango huo uko wazi kwa kila kesi. Miaka 35 kabla yake, mwaka 1919, korti kuu ya Madras kule Bara Hindi ilimhukumu Palani Goundan. Mume huyu alimpiga mkewe kwa jembe la plau, mke akazimia. Mume akadhani amekufa, akamtundika kwa kamba darini ili ionekane amejinyonga. Na kamba ndiyo iliyomuua. Ukitazama juujuu ni kisa kile kile. Tafauti ni kwamba haikuthibiti kuwa mume, alipopiga, alitaka kuua. Pigoni hamkuwa na kusudio la kuua, na kambani hamkuwamo pia. Basi huwezi kuvuta mbele kusudio ambalo halikuwepo nyuma. Korti ikasema hilo si kuua kwa kusudi, naye akaadhibiwa kwa lile pigo.

Twajua wako watakaoona uchungu wakisoma hayo, nasi twauona. Lakini watofautishe adhabu na haki ya wafiwa. Sharti la kukutana nia na kitendo limewekwa ili kumlinda mtu asiadhibiwe kama muuaji ilhali hakuwa muuaji. Halikuwekwa kuifuta damu. Katika sharia yetu, kisa kama hicho cha Madras, kwa uchache ni kuua kwa kukosea. Kisasi hapana, lakini dia ya roho iko palepale, na jamaa za mwuaji wa upande wa baba hutakiwa kuilipa kwa miaka 3. Yeye mwenyewe ni juu yake kafara, nayo ni kuacha huru mtumwa, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Na katika madhehebu yetu ya Shafii, mume huyo hamrithi mkewe hata senti moja, awe alikusudia au hakukusudia, kwani katika mirathi hutazamwa mkono uliofisha, wala haiulizwi nia.