Herufi Sahihi, Hesabu Yenye Kosa



Ndugu zangu Waislamu, naomba niwasimulie kosa langu, kisha niwaulize swali ambalo limenikaa moyoni tangu muhula uliopita.

Katika somo letu la mirathi tulikuwa na zoezi la kila wiki kwenye simu. Maswali ni ya kuchagua, A hadi D, na ukishabonyeza kuthibitisha, jibu halibadiliki tena. Mwalimu alituruhusu kushauriana katika mazoezi hayo, ila si katika mtihani. Kwa hiyo usiku mmoja mwenzangu wa darasani alinitumia picha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya swali. Ya pili ilikuwa ya karatasi ya daftari aliyofanyia hesabu zake kwa kalamu. Chini yake aliandika: "Shekhe, nimepata B. Nitazamie hesabu kabla sijathibitisha."

Swali lilikuwa hili. Mwanamke amefariki, ameacha mume, mama na baba. Hakuacha mtoto wala ndugu. Mali iliyobaki baada ya mazishi, madeni na wasia ni shilingi 12,000,000. Mama anapata kiasi gani? A ilikuwa 4,000,000, B 2,000,000, C 3,000,000 na D 6,000,000.

Nilijua jibu ni B. Nikafungua picha ya pili, nikaona chini kabisa B imezungushiwa duara, nikamjibu: "Ndiyo, thibitisha." Haikuchukua hata dakika moja. Akathibitisha, akapata alama yake, akanishukuru na kuniombea dua.

Baada ya sala ya Alfajiri nilifungua tena ile picha, safari hii nikaisoma mstari kwa mstari. Alikuwa ameandika hivi: mume nusu, yaani 6,000,000, kwa kuwa hakuna mtoto. Hapo yuko sawa. Mama moja ya sita, yaani 2,000,000, "kwa sababu kuna warithi wengine wawili." Baba anachukua kinachobaki, yaani 4,000,000. Kisha akajumlisha: 6 na 2 na 4 ni 12. Akapiga tiki kubwa.

Kosa liko kwenye mstari wa mama. Katika Suratun Nisaa, aya ya 11, mama anashushwa kutoka theluthi hadi sudusi, yaani moja ya sita, ikiwa marehemu ameacha mtoto au ameacha ndugu. Wanazuoni walio wengi wamesema ndugu hao wawe wawili au zaidi. Mwenzangu alikuwa amekariri "wawili" akasahau "ndugu". Akahesabu mume na baba kuwa ndio hao wawili.

Sasa, kwa nini jibu likatoka sahihi? Kwa sababu mas-ala hii ni mojawapo ya zile mbili zinazoitwa Umariyyatain, kwa kunasibishwa na hukumu ya Sayyidna Umar (r.a.). Pale wanaporithi mume au mke pamoja na mama na baba tu, mama hapewi theluthi ya mali yote. Anapewa theluthi ya kinachobaki baada ya mume au mke kuchukua fungu lake. Hapa mume amechukua 6,000,000, zimebaki 6,000,000, na theluthi yake ni 2,000,000. Angepewa theluthi ya mali yote angechukua 4,000,000 na baba angebaki na 2,000,000, yaani mama angepata mara mbili ya baba, na wote wawili wako daraja moja kwa marehemu. Ibn Abbas (r.a.) alikhitalifu, akampa mama theluthi kamili kwa dhahiri ya aya. Lakini madhehebu yetu ya Shafii na jamhuri ya wanazuoni wamefuata hukumu ya Umar, na ndiyo tunayofundishwa.

Kwa hiyo theluthi ya nusu ilisadifu kuwa moja ya sita. Mwenzangu alifika mlango ule ule kwa njia isiyokuwepo.

Tazameni pia ile tiki. Tumezoea kuamini kwamba mafungu yakijumlika yakatimia, hesabu ni sahihi. Lakini palipo na asaba, yaani mrithi anayechukua kinachobaki, jumla itatimia hata ukikosea. Ungempa mama 1,000,000, baba angechukua 5,000,000 na bado ungefika 12. Kujumlisha kunakamata kosa la kutoa, hakukamati kosa la hukumu. Linalokamata kosa la hukumu ni kuuliza, mbele ya kila fungu: sharti lake ni lipi, na je, sharti hilo limo katika swali? Tena kuna njia nyingine, kubadilisha mrithi mmoja na kuifanya upya. Muondoe mume, muweke mke. Mke anachukua robo, 3,000,000. Zinabaki 9,000,000. Theluthi yake ni 3,000,000 kwa mama, na 6,000,000 kwa baba. Kwa kanuni ya mwenzangu mama angepewa 2,000,000 tena, na baba 7,000,000. Shilingi milioni moja ya mama mfiwa imepotea, na jumla bado ni 12.

Nilibaki na simu mkononi. Nimwambie au ninyamaze? Alama ameshapata. Swali limeshafungwa. Rafiki yangu wa chumbani nilipomweleza alisema, "Unataka kumsumbua bure. Zoezi liliuliza herufi, akatoa herufi, na herufi ni sahihi. Wewe hukusema uongo."

Ni kweli, sikusema uongo. Lakini hapo ndipo swali langu lilipo: je, mtu anaweza kusema kweli na bado akawa amekhini amana?

Nimelifikiria, na naona kwamba hukumu inategemea nilichoulizwa. Mwenzangu hakuniuliza "jibu ni lipi?" Angeuliza hivyo, "B" ingetosha. Aliambatanisha hesabu yake kwa mkono wake na akasema "nitazamie." Alikuwa ananiambia: hivi ndivyo ninavyojua mambo, niambie kama ninajua. Nami nilijibu swali jingine, jepesi zaidi. Na yeye, kwa kuniamini, alichukua "ndiyo" yangu akaiweka juu ya kila mstari wa karatasi ile, pamoja na mstari wa uongo. Herufi niliyoithibitisha ilikuwa moja, lakini kwa vitendo nilithibitisha kanuni.

Rafiki yangu hakukubali upesi. Alisema, "Lakini mtu wa kawaida anamuuliza sheikh, anaambiwa mama apewe kiasi fulani, anatenda. Hajui dalili, na hana dhambi. Basi kuna ubaya gani kuwa na jibu sahihi bila kujua sababu?" Hoja hii ina uzito, nami sikuwa na jibu siku ile. Leo naona tofauti ni hii. Mtu wa kawaida anajua kwamba hajui. Kesho likija jambo jingine atarudi kuuliza. Anayeshika jibu sahihi kwa sababu ya uongo anadhani anajua, kwa hiyo harudi kuuliza. Tena atamfundisha mwingine.

Tukumbuke namna Mtume wetu (s.a.w.) alivyowagawa makadhi mafungu matatu, mmoja tu akiwa wa Peponi: yule aliyeijua haki akahukumu kwayo. Mmoja wa wale wawili wa Motoni ni aliyewahukumia watu kwa ujinga. Hapo hakutajwa kwamba alikosea. Huenda siku nyingine hukumu yake ilisadifu haki, na bado ujinga wake haukuwa udhuru. Upande wa pili, tumefundishwa kwamba hakimu anayejitahidi kwa elimu akapatia ana ujira mara mbili, na akikosea ana ujira mmoja. Ukiziweka pamoja hadithi hizi unaona kwamba njia ina hesabu yake mbele ya Allah, mbali na pale inapoishia. Mwanafunzi aliyeandika theluthi ya kinachobaki, kisha mkono ukateleza akagawanya vibaya akachagua C, yuko karibu zaidi na elimu kuliko mwenzangu aliyepata B.

Natamani ningeweza kuwaambia kwamba nilimpigia simu asubuhi ile ile. Sikumpigia. Niliona haya kukiri kwamba nilimjibu bila kusoma. Nilisema nitamwambia tukikutana, tukakutana mara mbili, sikumwambia. Wiki mbili baadaye mtihani ulikuja na mas-ala ya pili ya Umariyyatain: mke, mama na baba. Alitoka chumbani akiwa na furaha, akaniambia, "Lile swali la mama nimeliona, moja ya sita kama kawaida." Kisha akaona uso wangu.

Nilimweleza yote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo ulijua?" Sikuwa na jibu zaidi ya kuomba radhi. Alinisamehe, Allah amlipe kheri. Lakini alisema neno ambalo sijalisahau. Alisema kwao kijijini yeye ndiye pekee anayesoma mirathi, na likizo iliyokuwa inakuja alikuwa ameshaitwa na ami yake kusaidia kugawa mali ya jirani aliyefariki akaacha mke na wazazi wake wawili. Karatasi ya mtihani ingemnyima alama chache tu. Ya kule ingemnyima mama wa marehemu haki yake, naye angeipokea kidogo hiyo kwa shukrani akidhani ndiyo aya.

Tangu siku hiyo nimebadilisha utaratibu. Mtu akinitumia picha ya swali na hesabu yake, kwanza nalisoma swali lote na kuhakikisha hakuna mrithi aliyekatwa pembeni ya picha. Kisha naifunika herufi kwa kidole, naanza mstari wa kwanza, na kila fungu nauliza sharti lake. Palipoandikwa fungu bila sababu, simjazii sababu kichwani mwangu nikadhani ni yake, namuuliza yeye. Herufi naitazama mwisho. Na kama sina muda wa kufanya hivyo, namwambia wazi: "Sijasoma hesabu, sithibitishi." Ni jibu fupi kama lile "ndiyo" la usiku ule, lakini halimwachii mtu mzigo asiojua kuwa anaubeba.

Mwenzangu alienda likizo. Aliporudi alinionyesha karatasi aliyoandika kule, na mbele ya jina la mama palikuwa na maneno matatu kwa kalamu nyekundu: theluthi ya kinachobaki.

Wallahu aalam.