Neno na Ushahidi Wake

Uwongo una sura nyingi, na sura iliyo ngumu kuliko zote kutambulikana ni ile iliyovaa nguo za ukweli. Mtu anayekusudia kudanganya hujijua. Lakini mwandishi anayelipenda jambo lake kupita kiasi hulivuta neno kidogo hapa na kidogo pale, na aghalabu hana habari kuwa amelivuta. Swali la maadili lililofichwa katika kalamu yake ni hili: je, jambo la haki laweza kutetewa kwa maneno yaliyozidi ukweli wake?

Na ichukuliwe kwa mfano rasimu ya mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu. Alikuwa amesikia mara nyingi watu wakinena kuwa Kiswahili hakikuwa na kalamu mpaka kilipopewa na wamisionari wa Ulaya. Neno hilo lilimchukiza, na machukizo yake yalikuwa ya haki. Basi akaandika hivi: "Kiswahili ndiyo lugha ya kwanza kuandikwa katika Afrika. Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 ndiyo maandishi yake ya kwanza, nao wathibitisha kuwa watu wote wa pwani walijua kusoma na kuandika kabla ya kuja wageni."

Sentensi hizo zapendeza masikioni. Mwalimu wake alizisoma mara mbili, kisha akapiga mstari chini ya maneno manne: kwanza, wathibitisha, wote, na wageni. Hakumwuliza kijana kama aupenda ukweli, maana kila mtu hujibu kuwa aupenda. Alimwuliza swali moja tu kwa kila neno: "Mwanangu, msomaji angepaswa kuonyeshwa nini ili neno hili liwe kweli?"

Neno "kwanza" lilianguka mapema. Ili liwe kweli katika Afrika nzima, ingepasa kuonyeshwa kuwa hapana lugha nyingine ya bara hili iliyoandikwa kabla ya Kiswahili. Lakini Wamisri wa kale waliandika lugha yao maelfu ya miaka iliyopita, na katika Aksum maandishi ya Kigeezi yalichongwa juu ya mawe katika karne ya nne, zama za mfalme Ezana. Msomaji yeyote aliyepita Uhabeshi angeweza kuiangusha sentensi hiyo kwa kidole kimoja.

"Kwanza" ya pili ilikuwa na hila zaidi, kwa sababu ilikuwa karibu na kweli. Utendi wa Tambuka, unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1728, ni miongoni mwa tungo za kale kabisa za Kiswahili zinazojulikana. Walakini katika nyaraka za Goa, Bara Hindi, zimehifadhiwa barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu. Tena hata kama barua hizo zisingalionekana, "ya kwanza" isingalifaa. Karatasi za pwani huliwa na mchwa na kuozeshwa na unyevu. Kilichobaki si kipimo cha kilichokuwako. Neno la haki ni "ya kale kuliko yote yanayojulikana", wala neno hilo halimpunguzii mwandishi kitu: lamwambia msomaji kuwa nyuma ya barua hizo yamkini zilikuwako nyingine.

Kisha yakaja maneno "wathibitisha" na "wote", ambayo hutembea pamoja kama mwizi na mlinzi wa zamu. Utendi mmoja waonyesha kuwa Pate ilikuwa na mtunzi hodari, Bwana Mwengo wa Athumani, na watu waliojua kuandika. Waonyesha pia kuwa lugha ilikuwa imekomaa hata ikaweza kubeba hadithi ya vita katika beti zaidi ya elfu moja. Haumwonyeshi mvuvi wala mkulima akisoma. Tendi zilisomwa kwa sauti mbele ya watu, na mtu aweza kuujua utendi kwa masikio bila ya kuijua alifu. Wachache waliandika, kuwa wengi walisikia ni jambo la kukisia kwa desturi ya tendi, kuwa wote walisoma hapana aliyeonyesha.

Neno la nne lilikuwa "wageni". Wageni gani? Wareno walifika pwani hii mwaka 1498, na barua zenyewe za Kilwa zilipelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Herufi zilizotumika zilitoka Arabuni. Kwa hiyo "kabla ya kuja wageni" haikuwa kweli, wala mwanafunzi hakuihitaji. Mtu aliyekuwa akimjibu alisema "wamisionari", naye aliliacha neno hilo lililo wazi akashika jingine lililo pana, kwa kuwa pana lilionekana kubwa.

Kijana aliichukua rasimu yake kwa huzuni, akarudi siku ya pili na hii: "Huenda Kiswahili nacho kiliandikwa kidogo zamani, ingawa yamkini ushahidi hautoshi." Alidhani kuwa amekuwa mkweli. Mwalimu akaikataa hii pia. Alisema:

"Jana ulidai usichokuwa nacho, leo wakana ulicho nacho. Barua zipo. 'Huenda' ya nini?"

"Nimeogopa kuvuta tena, Mwalimu."

"Kuogopa si kusema kweli. Weka shaka pale shaka ilipo, na pale isipokuwapo uiondoe."

Hapa ndipo wengi hupotea. Hudhani kuwa kati ya chumvi na ukweli njia ni kunong'ona, na kumbe mnong'ono nao ni kipimo cha uwongo: humfanya msomaji adhani jambo ni dogo kuliko lilivyo. Mkono unaopunja mizani hauna haki zaidi ya mkono unaoizidisha.

Rasimu ya tatu ilisema hivi: "Mwaka 1711, miaka 133 kabla ya mmisionari Krapf kufika Mombasa, watu wa Kilwa waliandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Utendi wa Tambuka wa Pate unahesabiwa kuwa wa mwaka 1728, nao una beti zaidi ya elfu moja. Hatujui ni wangapi waliojua kusoma. Twajua kuwa wamisionari hawakukipa Kiswahili kalamu, walikikuta nayo."

Na zipimwe rasimu hizi mbele ya yule mpinzani. Ya kwanza ingemfurahisha, kwa kuwa angeonyesha jiwe la Aksum na kuondoka akicheka, na pamoja na sentensi mbovu angechukua jambo lenyewe lililo la haki. Ya pili isingemsumbua. Ya tatu yamwachia kazi moja tu, nayo ni kuzikana barua za mwaka 1711. Imekuwa na nguvu kwa sababu imetaja mwaka, mji na kitu, na kwa sababu imekiri kwa kinywa chake mpaka wa maarifa yake kabla hajaja mwingine kuuonyesha.

Jibu la swali lililoulizwa mwanzo liko katika rasimu hizo. Msomaji hawezi kusafiri mpaka Goa kutazama kila waraka. Humkopesha mwandishi imani yake. Anayevuta neno kwa ajili ya jambo jema ametumia mkopo huo bila ya idhini ya mwenyewe, na siku ya kudaiwa hulipa jambo, halipi mwandishi. Yule kijana alikuwa na lugha iliyotukanwa, na ushahidi wa kuitetea ulikuwa tele. Nusura aupoteze kwa kutaka zaidi.