Mama Humimina, Nani Alete Vyombo?



Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, aya ya 1 hadi ya 7, twasoma habari za mjane ambaye jina lake halikuandikwa. Mumewe alikufa akaacha deni, na mdai alikuwa yu njiani kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Mama huyo hakunyamaza na mzigo wake. Alimlilia nabii Elisha.

Tumezoea kuhubiriwa juu ya mafuta yaliyoongezeka. Leo tuitazame kazi, jinsi ilivyogawanywa. Nyumbani palikuwa na mafuta ya chupa moja tu. Elisha alimwagiza aazime vyombo vitupu kwa jirani zake wote, tena visiwe vichache, kisha ajifungie ndani pamoja na wanawe. Wana wakawa wanaleta vyombo, mama akimimina. Vyombo vilipokwisha, mafuta yakakoma. Akauza, akalipa deni, na kilichosalia kikawa riziki yao.

Mdai aliwaona vijana wale kuwa wanafaa kwa kazi. Elisha naye aliona hivyo hivyo, lakini kazi yao aliiweka nyumbani, kando ya mama yao. Jirani walitoa vyombo, wana wakavibeba, mama akamimina.

Je, kwetu ni hivyo? Msimu wa kahawa hapa Nanyala, mama huchuma pamoja na mumewe na watoto. Jua likizama wote wamechoka sawasawa. Baba huketi, kijana huenda barabarani, na mama huanza kazi ya pili: maji, kuni, ugali, kuwaogesha wadogo. Alfajiri yeye ndiye wa kwanza kuamka.

Wako wasemao kwamba mama wa nyumbani hana kazi. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Wengine husema mama ameumbiwa uvumilivu. Lakini amri ya Sabato, katika Kutoka sura ya 20, humpa pumziko mtumwa, mgeni, hata mnyama. Ng'ombe apumzike, na mama je? Kumwachia mtu mmoja mzigo wa nyumba nzima, kisha tukamsifu kwa uvumilivu, si haki.

Nanyi akina mama, mko mnaoogopa kuomba msaada msije mkaitwa wavivu. Mjane yule alilia, akabisha hodi kwa jirani, akawaambia wanawe walete chombo kingine. Hakuna aliyemwita mvivu.

Basi Jumapili hii, tutokapo ibadani, kijana achukue ndoo kabla mama hajasema, na baba awashe moto. Mama aketi.

Bwana atusaidie. Amina.