Bei ya Kisima cha Tisa

Mwaka 1971 William Niskanen, mchumi aliyewahi kuwa mchambuzi katika Wizara ya Ulinzi ya Marekani, alidai kwamba mkuu wa idara ya serikali hutafuta bajeti kubwa kadiri awezavyo. Wengi hulisoma dai hilo kama tusi kwa watumishi wa umma. Kwangu mimi uzito wake haumo katika tamaa, umo katika swali la nani anaijua bei.

Tuseme kuna idara ya maji. Kuchimba kisima kimoja ni shilingi milioni 60. Cha kwanza kinapelekwa penye kiu kali, kwa hiyo manufaa yake ni milioni 100. Cha pili 90, cha tatu 80, na kuendelea kushuka. Anayeijua bei atakomea cha tano, ambacho manufaa yake ni sawa na gharama: ametumia milioni 300, watu wamepata ya milioni 400. Lakini idara haiwaletei madiwani bei ya kisima. Inawaletea furushi: visima 9, milioni 540, mkubali au mkatae. Manufaa ya vyote 9 ukiyajumlisha ni milioni 540 vilevile, basi nani atasema ni hasara? Kisima cha tisa kinaleta milioni 20 tu, ila kimejificha mgongoni mwa cha kwanza. Na mkuu huyo huenda hajaiba hata senti. Anaamini kwa dhati kwamba maji ni uhai.

Na mpiga kura? Mchumi Anthony Downs alimtetea tangu 1957. Zile milioni 100 za faida ya visima vitano, ambazo furushi limezipoteza, ukizigawa kwa wakazi 20,000, kila mmoja amepoteza shilingi 5,000. Ili muuza samaki aligundue hilo, afunge genge kutwa nzima, apande daladala hadi halmashauri, akapekue kitabu kinene cha mafungu na vifungu. Kisha arudi na kura moja ileile. Kutojua kwake ni hesabu aliyoipiga sawasawa.

Nadharia hizi zina mipaka. Mwanasayansi wa siasa Patrick Dunleavy alionyesha kwamba wakubwa wengi hupenda ofisi ndogo yenye hadhi, karibu na watunga sera, kuliko jeshi la wafanyakazi. Niskanen mwenyewe baadaye alikubali kwamba kinachotafutwa zaidi ni ile ziada ambayo mkuu ana uhuru nayo. Na muuza samaki si mjinga wa kila kitu: mpini wa pampu ukikatika anajua siku hiyohiyo, kwa kuwa habari hiyo imemfikia na ndoo mkononi. Asichoweza kukiona ni kisima ambacho hakikupaswa kuchimbwa, kwa sababu nacho kinatoa maji.

Ndiyo maana simlaumu yeye. Diwani analipwa posho ya kikao ili ajue kwa niaba yake, na kabla furushi halijapitishwa anaweza kuuliza: hiki cha tisa, peke yake, ni cha nani na ni shilingi ngapi?